Barua kwa mdogo wangu mhandisi: saiti Dodoma au ofisi Dar?

Mdogo wangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata, na hongera tena kwa kumaliza chuo. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu swali lako wanalo wenzako wengi mliohitimu pamoja. Mkandarasi anakutaka Dodoma kwenye jengo la ghorofa sita, na ofisi ya wahandisi washauri inakutaka Dar es Salaam, ukae kwenye kompyuta ufanye usanifu. Mama anataka ubaki Dar. Wewe unaona ofisini ndiko kwenye uhandisi wenyewe, na saiti ni kusimamia vibarua.

Jibu langu ni hili: nenda Dodoma. Nenda kwa masharti mawili nitakayokutajia, na uwe na nia ya kuhamia ofisini jengo likishaezekwa.

Nianze na la makaratasi. Ukishasajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi, kama mhandisi mhitimu, utaingia kwenye SEAP, mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu kabla hujaomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Muda wote huo utakuwa chini ya mhandisi mlezi ambaye mwenyewe amesajiliwa, na utakuwa unaandika ripoti za kazi unazofanya. Kwa hiyo swali la saiti au ofisi usilichukulie kama ndoa. Una miaka mitatu, inatosha kuonja kote kuwili. Cha kuamua sasa ni uanzie wapi, na mimi nina sababu moja kubwa ya kusema saiti. Nitakueleza kwa mfano wa bimu moja niliyoikuta kwenye jengo nililolisimamia, kwa sababu mambo yote mawili yalikutana pale.

Bimu ilikuwa na upana wa milimita 300 na kina cha milimita 600. Mchoro ulisema nondo tano za milimita 25 chini, zote kwenye mstari mmoja, ringi za kuzizunguka za milimita 8, na zege la kufunika nondo milimita 30 kila upande. Kwa hesabu, bimu ilikuwa sawa. Kompyuta ilikokotoa eneo la nondo linalohitajika, nondo tano zikalitosheleza, mchoro ukachapwa, ukasainiwa, ukatumwa.

Sasa chukua kalamu. Kwenye 300 toa 30 mara mbili za kufunika, toa 8 mara mbili za ringi. Zinabaki milimita 224. Nondo tano za 25 zinakula 125, zinabaki 99 za kugawa kwenye nafasi nne. Kila nafasi inapata karibu milimita 25. BS 8110, kanuni ya Uingereza ya kusanifu zege ambayo ofisi nyingi za kwetu zimeitumia kwa miaka mingi, inataka nafasi isiyopungua ukubwa wa kokoto kuongeza milimita 5. Kokoto zilikuwa za milimita 20, kwa hiyo inatakiwa 25. Kwenye karatasi imepungukiwa robo milimita tu, ni kama imegusa mstari.

Saiti hiyo 25 haipo. Nondo ya 25 ina mbavu, na ukiipima kwa nje pamoja na mbavu zake unapata kama 28. Nafasi zinashuka hadi 21. Tena ringi haipindiki kwa pembe kali kama kwenye mchoro, kona yake ni ya mviringo, hivyo nondo za pembeni zinasukumwa ndani na nafasi zinabana zaidi. Kichwa cha vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege lishuke, kilikuwa kinene kuliko nafasi yoyote kati ya hizo.

Hapo bado hatujafika kwenye maungio. Nondo tunanunua za mita 12, kwa hiyo kwenye bimu ndefu lazima ziungwe, na kwa nondo ya 25 maungio yanachukua kama mita moja nzima ambapo nondo mbili zinalala sambamba. Zile za chini huungwa karibu na nguzo. Zikiungwa zote mahali pamoja, nondo tano zinakuwa kumi: 250 kwenye nafasi ya 224. Haziingii. Na papo hapo ndipo nondo za nguzo zinapopita kwenda juu.

Fundi nondo hakuwa na neno la kitaalamu la kuniambia. Alinionyesha tu kiganja chake, akajaribu kukipenyeza katikati ya nondo, kikagoma. Akasema, "Mhandisi, hapa zege litakaa juu kama ugali." Kesho yake asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kumwaga.

Fikiria kinachofuata pale ambapo hakuna mtu wa kusimama. Zege halishuki, fomani anaona muda unakwenda, mtu anachukua kidumu cha maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukichanganywa na lita 25 za maji, uwiano ni 0.5. Ongeza lita 5 tu, umefika 0.6, na nguvu ya zege imeshuka kwa kiasi cha moja ya tano au zaidi. Michemraba ya kupima zege mara nyingi imeshachukuliwa kwenye mtambo kabla ya kidumu hicho, kwa hiyo siku ya 7 itatoa majibu mazuri, na ya 28 pia. Huku chini ya bimu mbao zimeficha matundu, hutayaona mpaka mirunda itolewe, wiki mbili au zaidi baadaye. Wakati huo ghorofa ya juu imeshamwagwa. Utaambiwa lete fundi aplasta.

Mtu aliyekaa ofisini tangu siku ya kwanza hawezi kuona hayo kwenye skrini. Programu ya usanifu kama Prota haitakwambia kwamba kiganja hakipiti. Ndiyo maana nataka uanzie kwenye vumbi: ukija kuchora bimu yako ya kwanza utaanza na kujiuliza zege litapita wapi na vaibreta itashukia wapi, halafu utaongeza upana wa bimu, au utaonyesha kwenye mchoro kwamba maungio yapishane, mbili hapa na tatu kule mbele.

Lakini ngoja, usije ukadhani nasema ofisi haina maana, maana nusu ya pili ya kisa hiki ni ya ofisini. Fundi alikuwa na suluhisho lake: kulaza nondo tatu chini na kunyanyua mbili juu yake. Nafasi zinapatikana, zege linashuka, kila mtu anafurahi. Mhandisi wa saiti asiyejua usanifu angekubali palepale, kwa sababu nondo ni zilezile tano.

Nondo ni zilezile, bimu si ileile. Zikiwa mstari mmoja, umbali kutoka juu ya bimu hadi katikati ya nondo ulikuwa karibu milimita 550. Ukinyanyua mbili na kuacha nafasi ya 25 kati ya mistari, katikati ya kundi lote inapanda, umbali unabaki kama 530. Milimita 20 zimekwenda, na uwezo wa bimu kubeba umepungua kwa karibu asilimia 4. Kama msanifu alibakiza akiba ya kutosha, hakuna tatizo. Kama alikuwa amebana hadi asilimia 98 ya uwezo, umeivuka. Na kutoka saiti huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili, mpaka uulize.

Tulichofanya ni kusimamisha zege la ile bimu, nikaandika swali kwa maandishi nikaambatanisha mchoro wa mkono wenye vipimo halisi, likapita kwa mhandisi mshauri likafika kwa msanifu. Alipitia hesabu zake, akakubali tatu chini na mbili juu, akataka na maungio yapishane, akasaini mchoro mpya. Fomani alinuna. Mkandarasi alilalamika kuhusu kibarua cha siku kilichopotea. Zege lilipomwagwa lilishuka vizuri, na mirunda ilipotolewa chini palikuwa safi. Ningeshindwa kuandika swali lile kama nisingekuwa najua milimita 20 zinafanya nini.

Kwa hiyo masharti yangu mawili ni haya. La kwanza, kabla hujasaini Dodoma, uliza mhandisi mlezi wako atakuwa nani, na je, anafika saiti au anasaini ripoti tu akiwa mjini. Mtu anayekuja na kukuuliza kwa nini umekubali nondo zile zifungwe vile, huyo ni bora kuliko mshahara mkubwa. Kama wakikujibu "tutaona", jibu umepata.

La pili, uliza utafanya nini kila siku. Kuna saiti ambapo mhandisi mpya anafanywa mtunza stoo: anahesabu mifuko ya saruji inayoingia, anaandika majina ya vibarua, jioni anatuma picha kwenye kundi la WhatsApp. Miaka mitatu inaisha hajawahi kusoma mchoro wa nondo mwanzo hadi mwisho. Wewe omba ukabidhiwe orodha ya kukata na kupinda nondo uiandae au uihakiki, na ukaguzi wa kila bimu na jamvi kabla ya kumwaga. Na usiku, bimu moja tu kwa wiki, ipigie hesabu kwa mkono ulinganishe na alichokupa msanifu. Bila hivyo usanifu uliojifunza chuo utakupotea, na ukija kuomba nafasi ofisini itaonekana siku ya kwanza.

Usiogope kwamba Dar watakusahau. Mwandikie yule mhandisi wa ofisini kwa heshima, mwambie unaanza saiti na ungependa kumtafuta jengo likiisha. Mimi ningempendelea mtu wa namna hiyo. Ofisini nako kuna mtego wake: unapewa AutoCAD, unachora mawazo ya wengine mwaka mzima, hakuna anayekuonyesha hesabu wala kukupeleka kuona kilichojengwa. Siku ukihamia huko, maswali ni yaleyale mawili.

Kuhusu maisha, sitakuficha. Mkataba wa saiti mara nyingi unaisha pamoja na mradi, na mwajiri akicheleweshewa hati ya malipo, mshahara wako nao unachelewa. Kabla hujaondoka, tafuta akiba ya kodi na chakula ya angalau miezi miwili. Kama haipo, niambie tuone tunafanyaje, tusimhusishe Mama kwanza.

Nitumie mkataba wa Dodoma niusome kabla hujaweka saini. Na waombe wakuonyeshe michoro ya nondo ya ghorofa ya kwanza. Tafuta bimu nyembamba kuliko zote, hesabu nondo za chini, fanya hesabu ile niliyokuonyesha, kisha nipigie uniambie umepata ngapi.

Kaka yako