Glasi ya kwanza ni ya mama wa barafu za ubuyu

Jumamosi tulikula dinna ya miaka 15 ya karakana yetu ya friji hapa Temeke, na wateja ambao hawakuweza kuja wakaomba niandike nilichosema nikiwa na glasi ya Stoni mkononi, basi ni hivi.

Jamani, tulifungua 2011, mwaka ule wa mgao, na mafundi tulikuwa 2 na multimita ya kuazima. Kazi zilikuwa nyingi kwa sababu friji zilikuwa zinakufa ovyo, sisi tukadhani ni neema kumbe hata hatujui zinakufa na nini. Huyu mama hapa mbele, shikamoo mama, alikuwa anagandisha barafu za ubuyu za kuuza shuleni. Tukamwekea kompresa, wiki 3 imeungua. Tukaweka ya pili kwa gharama zetu maana tulishampa garantii, nayo ikaungua! Mi nilijificha nyuma ya duka, kweli tena. Yeye hakugomba, akasema tu, "mwanangu, mbona inakufa umeme ukirudi tu, haifi siku nyingine?"

Hapo ndo tukaamka. Kompresa ikizimika ghafla, gesi upande mmoja inabaki na presha kubwa na upande wa pili ndogo, na inasawazika taratibu kupitia kapilari, ule mrija mwembamba, kwa dakika 3 hadi 5 hivi. Sasa umeme wa mgao ulikuwa unarudi, unakata, unarudi tena ndani ya dakika moja, kompresa inajaribu kuanza huku imebanwa na presha, inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi kupita kiasi, waya za ndani zinapata moto. Ukisogeza sikio unasikia inaunguruma sekunde chache halafu tik, kimya, baadae inaunguruma tena, tik. Ukisikia hivyo chomoa plagi, usisubiri.

Kompresa ya tatu tukaifunga na frijigadi, kile kiboksi kinachochelewesha umeme dakika kadhaa baada ya kurudi, bei yake haifiki hata karibu na ya kompresa. Ile friji ikadumu mpaka mlango ukaoza kwa kutu. Ila msije kuniambia niliwadanganya, frijigadi haiongezi umeme, kama mtaani kwenu jioni unashuka mpaka volti 170 yenyewe itazima tu friji na barafu zitayeyuka, hapo unahitaji stebilaiza, na gesi ikivuja haisaidii chochote.

Tangu siku ile, fundi wetu kabla hajafungua friji anamuuliza mwenyewe ilizimika saa ngapi na umeme ulikuwaje, lile ni swali la mama tumeliiba. Na baada ya kuunguziwa 2 bado alituletea dada yake, na majirani, na yule wa samaki wa Feri aliyekaa pale anayecheka.

Haya, nyanyueni glasi. Mama, kwako!