Kivuli Cheusi Kwenye Picha ya Jino, Kabla Hujasema Umetapeliwa

Mwezi uliopita mama mmoja aliingia kliniki kwetu na bahasha ya eksirei mkononi, hakutaka hata kukaa. "Daktari, pesa yangu mmekula. Nimepiga picha kwingine, wanasema ugonjwa bado upo, jino ling'olewe." Jino lenyewe tulilifanyia ruti kanali, yaani kusafisha na kuziba mfereji ulio ndani ya mzizi, miezi saba nyuma. Halimuumi, halijavimba, na alikiri mwenyewe kwamba analitafunia mpaka mishikaki. Kilichomtia hasira ni kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi. Siyo wa kwanza kuja na lalamiko hilo, ndiyo maana nimeona niandike.

Kile cheusi siyo usaha uliopigwa picha. Ni mahali ambapo mfupa wa taya umeliwa, kwa sababu bakteria walioko ndani ya mzizi walikuwa wanatoa sumu yao kwenye ncha. Tukishasafisha mfereji na kuuziba, mwili unaanza kujenga mfupa upya, na mwili hauna haraka. Miezi sita inaweza kupita bila jicho kuona tofauti kubwa. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2006 wa matibabu ya mizizi ya meno unataka picha ya mwaka mmoja, kisha jino liendelee kufuatiliwa hadi miaka 4 kabla ya kuamua kwamba kivuli kilichobaki ni ugonjwa. Picha moja haiwezi kukuambia kama mtu yuko njiani kupanda ngazi au kushuka. Zinatakiwa mbili.

Kwa hiyo tulimwekea mama picha ya siku ya kwanza kando ya ile aliyokuja nayo. Ya kwanza, kivuli kilikuwa na upana wa karibu milimita 7. Sasa ni kama 5, na kingo zimeanza kufifia. Alinyamaza. Alikaa.

Lakini hata picha mbili zinaweza kukudanganya zikipigwa ovyo. Ukiinua kichwa cha mashine kidogo tu, mzizi unarefuka au unafupika na kivuli nacho kinabadilika. Ndiyo maana tunakung'atisha kile kishikio cha plastiki ambacho wengi wanakichukia: kinatupa pembe ileile kila mara. Tunachotafuta ni kale kamstari kembamba keusi kanakouzunguka mzizi. Kakirudi na unene wake wa kawaida mpaka kwenye ncha, na mgonjwa hana maumivu wala uvimbe, tumepona. Kivuli kikipungua, tunasubiri. Kikikua, au kikitokea kipya ambapo hakikuwepo, tumeshindwa. Na fizi ikitoboka na kutoa usaha, sihitaji miaka 4 kukwambia kuna tatizo.

Sasa tuje kwa yale yaliyoshindwa kweli. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na gego la kwanza la juu lililotibiwa mahali pengine miaka 3 kabla. Kwenye fizi palikuwa na kijipu kinachopasuka na kufunga, kila mara anakunywa vidonge vya duka la dawa, kinanywea, baada ya wiki chache kinarudi. Hapa niseme wazi: ndani ya mfereji wa jino lililokufa hakuna damu inayopita, kwa hiyo dawa unayoimeza haifiki walipo bakteria. Vidonge vina kazi yake uvimbe ukisambaa usoni au ukipata homa, lakini kijipu cha kwenye fizi hakiponi kwa vidonge. Mwalimu alikuwa amenunua dozi tano.

Tulipenyeza kijiti chembamba cha gataperka, ile kitu kama mpira tunayojazia mizizi, kwenye tundu la kijipu, tukapiga picha, kikaenda moja kwa moja hadi mzizi wa mbele upande wa shavu. Mzizi huo kwenye gego lile mara nyingi una mifereji miwili, na wa pili umejificha chini ya ukingo wa dentini, ile sehemu ngumu ya ndani ya jino. Aliyetangulia alijaza mitatu ya jino zima na kufunga. Simlaumu sana, bila darubini huuoni. Tuliondoa kujazwa kwa zamani, tukaukuta wa nne, tukasafisha yote kwa dawa ya klorini huku jino limezungushiwa mpira ili mate yasiingie. Tukaweka dawa ya kalsiamu kwa wiki mbili, kisha tukajaza. Kijipu kilifunga kabla hata ya kujaza. Kivuli kilichukua miaka miwili kutoweka.

Watu huniuliza kwa nini kurudia ni ghali kuliko mara ya kwanza. Kwa sababu kwanza tunabomoa kazi ya mtu, bila kutoboa mzizi, bila kuvunjia ndani faili, kile kisindano cha kusafishia mfereji. Saa moja na nusu inaweza kuisha kabla hatujafika kwenye ncha.

Na wengi wanaorudia wamejitakia, niwie radhi. Tunaweka kizibo cha muda, tunakwambia rudi wiki mbili tuweke cha kudumu na baadaye kofia ya kulifunika jino zima. Maumivu yameisha, unaona kofia ni ya kukukamua pesa, unarudi baada ya miezi nane. Kizibo cha muda kimelika, mate yameshuka hadi kwenye gataperka, mfereji umeoza upya. Ulikimbia bei ya kofia, sasa unalipa ruti kanali ya pili na kofia juu yake. Mbaya zaidi ni gego kupasuka katikati hadi kwenye mzizi. Hapo koleo tu.

Upasuaji wa ncha ya mzizi siyo njia ya mkato ya kukwepa kurudia, ingawa wapo wanaoingia wakisema "nikatieni tu hiyo ncha". Kama bakteria wamejaa mfereji mzima, kukata ncha ni kuziba bomba huku tangi limeoza. Tunapasua pale ambapo kuingia kwa juu kutaharibu zaidi. Mzee mmoja wa Tanga alikuwa na jino la mbele lenye kofia nzuri, na ndani yake nguzo ndefu ya chuma. Kuing'oa nguzo ile kungeweza kulipasua jino. Tukafunua fizi, tukakata milimita 3 za ncha, maana vijifereji vya pembeni vingi viko hapo, tukachimba milimita 3 nyingine kuingia mzizini kwa kincha cha mtetemo, tukaziba kwa MTA, saruji maalumu ya kuzibia mizizi ya meno. Nyuzi zilitoka baada ya siku tano.

Baada ya mwaka, picha yake ilionyesha mfupa umejaa, isipokuwa kadoa keusi kadogo kenye kingo zisizo sawa, kamejitenga kidogo na ncha. Hilo ni kovu. Mwili umefunga pengo kwa nyama ngumu badala ya mfupa, jambo linalotokea zaidi ukishapasua, hasa kama mfupa ulitoboka pande zote mbili. Tunalihesabu kama kupona kusikokamilika na tunalitazama kila mwaka. Miaka mitatu sasa, kadoa kako palepale.

Safari moja akiwa Dar alimwona daktari mwingine kwa jino jingine kabisa, akaambiwa lile la mbele lina ugonjwa. Mzee akafungua simu, akamwonyesha picha zake tatu kwa mpangilio wa tarehe. Wakarudi kwenye lile jino lililompeleka.