Kwa Kocha, kabla hujabadilisha kikosi

Ndugu yangu Kocha,

Salamu nyingi. Najua kipigo cha 1–0 cha Jumamosi kimekuuma, tena kikija baada ya vingine vya namna hiyo hiyo, na nimesikia kwamba unafikiria kubadilisha mfumo. Kabla hujafanya hivyo, naomba utazame nami mechi hiyo moja kwa makini.

Kama unavyofahamu, kila shuti tunalipa thamani kulingana na uwezekano wa kuwa bao, tukizingatia umbali, pembe na aina ya pasi iliyolitangulia. Penalti, kwa mfano, hupata takriban 0.76, kwa sababu kati ya penalti 100 zaidi kidogo ya 75 huingia. Jumamosi tulipiga mashuti kumi yenye wastani wa 0.15 kila moja, yaani mabao tarajiwa 1.5, nao wakapiga mawili ya 0.2 kila moja. Uwezekano wa mashuti yetu yote kumi kukosa ni 0.85 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi, ambao unakaribia 0.2, kwa hiyo timu inayocheza vizuri namna hiyo bado itatoka bila bao katika mechi moja kati ya tano. Tungeirudia mechi hiyo mara 100 kwa nafasi zile zile, tungeshinda kama 67, tungetoka sare 25 na kupoteza nane hivi. Sisi tuliangukia katika zile nane.

Utaniuliza, na una haki, kama mashuti hayo hayakuja baada ya wapinzani kuongoza na kurudi nyuma kulinda bao lao. Hilo ndilo swali ninaloliogopa zaidi katika kazi hii, kwa kuwa timu iliyo nyuma mara nyingi hurundika mashuti yasiyo na maana. Nimelikagua: saba kati ya yale kumi tuliyapiga kabla hatujafungwa, na mengi yalitoka ndani ya boksi.

Lisilojulikana bado ni umaliziaji. Namba hizi hazimjui mpigaji, wala mechi chache haziwezi kututenganishia mshambuliaji dhaifu na mshambuliaji mwenye bahati mbaya. Ndiyo maana sidai kwamba kila kitu ni kizuri. Borussia Dortmund walikuwa mkiani mwa ligi ya Ujerumani mapema mwaka 2015, wakamaliza msimu katika nafasi ya saba, lakini kuna timu nyingine zilizozama kweli.

Kwangu mimi, dalili ya kubadilisha mfumo itakuwa thamani ya nafasi zetu kushuka, au wapinzani kuanza kupata mashuti yao karibu na lango letu. Hadi sasa sijaiona. Kesho nitakuletea video za yale mashuti saba, uyatazame mwenyewe bila namba zangu.

Wako,
Mchambuzi wako