Karatasi ya kuzidisha: tutafute yanayobahatishwa

Asalaam aleikum wazazi wa masomo ya jioni, Langoni. Karatasi ya wiki hii ina maswali 20. Tafadhali msipime muda wa karatasi nzima, unaficha mambo. Jana mwanafunzi mmoja alimaliza upesi, akapata 18, nikafurahi. Kisha nikamuuliza kwa mdomo 7 × 8. Akatazama dari: "54?" Nikageuza, 8 × 7, akasema 56. Kwenye karatasi alikuwa amepatia, kumbe alibahatisha.

Kwa hivyo muulizeni mtoto swali moja moja. Akijibu sawa ndani ya sekunde 3, tieni vema. Akihesabu 7, 14, 21, tieni nukta: njia anayo, kasi bado. Akibadilisha jibu, au akilitamka kama anayeuliza, tieni duara hata akipatia. Rudieni siku tatu kwa mpangilio tofauti, maana wengine hukariri mahali pa jibu tu.

Maswali yenye duara mfanyisheni mazoezi, yasizidi matatu kwa siku. 7 × 8 aifikie kupitia 7 × 7, yaani 49, kisha aongeze 7. Mtoto akiingiwa na hofu ya saa, ficheni saa mbali naye, mhesabu kimoyomoyo. Picha za karatasi nitumieni Alhamisi baada ya Isha.