Ukiandika "rangi ya joto" peke yake kwenye skripti, uso utatoka wa manjano

Mwezi huu ni mteja wa tatu kuingia kwenye ofisi yetu ya kuhariri video hapa Moshi akiwa amenyoosha simu mbele. "Kaka, hela yote nimelipa, halafu bibi yangu mmemfanya kama mgonjwa wa manjano!" Uchungu wake nauelewa, lakini skripti yake bado ninayo, na mahali pa rangi aliandika maneno manne tu: "rangi ya joto, kisinema".

Ilikuwa filamu ya dakika nne kuhusu kahawa ya familia, wameishuti wenyewe kihambani Machame. Aliyekulia kihambani anaujua mwanga wa chini ya migomba: jua linapita kwenye majani, linashuka likiwa na ukijani, na ukijani huo unakaa usoni. Macho yanazoea, kamera haizoei. Ili kupunguza gharama, dada huyu alituletea faili la LUT alilopakua, yaani mpangilio wa rangi uliotengenezwa tayari, akataka tulibandike kwenye klipu zote 38. Tulimweleza, akashikilia, tukafanya. Faili lile lilitengenezwa kwa picha za S-Log3, ambazo hutoka kwenye kamera zikiwa zimepauka makusudi. Zake zilikuwa tayari na rangi kamili. Kontrasti ikaongezwa juu ya kontrasti, unjano juu ya ukijani, na ukuta wa jiko wenye masizi ukawa shimo jeusi. Alidhani ameokoa shilingi 80,000. Kurudia klipu moja moja kukamgharimu 150,000, na bei hiyo siioni kubwa kwa siku mbili za kukaa mbele ya skrini.

Kabla ya kurudia nilimuuliza anataka kuona nini. Akasema: "Bibi aonekane ana afya, ile ngozi yake ya kahawia inayong'aa. Huko nyuma patulie, pasiwe na rangirangi." Hayo ndiyo maneno ambayo edita anayahitaji! Tukayaandika kwenye skripti hivi:

```
TUKIO LA 3. KIHAMBANI, ASUBUHI
Kwanza: ukijani wa majani utoke; kikombe cha bati kiwe cheupe.
Ngozi ya bibi: kahawia ya joto, wekundu kidogo, paji ling'ae.
Vivuli: rangi ipungue, visizame; masizi ukutani yaonekane.
Upande wa uso wenye giza ni ngozi, si kivuli.
```

Kikombe kimetajwa kwa sababu edita anahitaji kitu anachojua ni cheupe. Kwenye programu ya DaVinci Resolve tulisogeza Tint kuelekea upande wa zambarau-waridi mpaka kikombe kikaacha ukijani, ndipo tukaongeza joto. Ukitanguliza joto, kijani na chungwa vinachanganyika kuwa unjano wa tope, na hapo ndipo bibi alipougulia. Kwenye kipimo cha Vectorscope kuna mstari wa ngozi, kati ya nyekundu na njano. Ngozi ya mtu mweusi na ya mtu mweupe zote huangukia karibu na mstari huo, kwa hiyo kwa sehemu kubwa kinachozitofautisha ni mwangaza. Uso wa bibi ulikuwa umeukimbia mstari kuelekea kijani. Tuliurudisha, ukapona.

Mstari wa mwisho wa skripti ndio wateja wengi wanausahau, na kuusahau ndiko kunakoharibu nyuso zetu. Kutuliza vivuli tunatumia mchoro wa Lum Vs Sat: unashusha wingi wa rangi kwenye sehemu za giza, unaacha za kati kama zilivyo. Ngozi nyeusi, kwenye shavu lisilo na mwanga, inaangukia humohumo kwenye giza. Edita akianzia kushusha kwenye mwangaza wa juu mno, shavu linapoteza rangi pamoja na ukuta. Angalia chini ya taya na ukingo wa kilemba: ukiona ngozi imekuwa ya majivu kama ya mtu aliyeoga asijipake mafuta, umepitiliza. Hapo uso unatengwa peke yake, unafuatwa anapogeuka, na vivuli vinashushwa nje yake tu. Klipu ya bibi akipepeta kahawa, kichwa kikiinama na kuinuka, ilinichukua karibu saa nzima. Bei yetu imekaa hapo.

Kivuli kilichotulia si kivuli cheusi, na mteja akituandikia "giza" tunampigia simu kwanza. Giza lenyewe likishakosewa wakati wa kushuti halirudi: kona ambayo kamera iliinasa nyeusi kabisa, ukiiinua unapata chengachenga tu. Jiko la bibi lilinusurika kwa sababu mlango ulikuwa wazi.

Juzi dada amerudi na skripti ya send-off ya mdogo wake. Chini ya kila tukio ameandika mwanga unatoka wapi, ngozi ya nani inalindwa na kitu gani ni cheupe. Tukio la ukumbini ameandika: "taa za zambarau zibaki kwenye mapambo, zisiguse uso wa mama." Nimemwambia amwombe fundi taa azigeuzie ukutani siku hiyohiyo, maana hilo halitamgharimu chochote.