Neema, usipeleke hela kwanza

Neema shosti, za huko? Sisi wazima, ila Junior anaota meno na usiku ni kilio tu. Nisamehe kwa kukaa kimya tangu Jumapili, ile picha uliyonitumia ya tangazo la benki la kuweka hela ipate riba niliiona na imenikaa kichwani, sitaki uwapelekee hela ya kiwanja Jumatatu kabla hujasoma hapa.

Nimeikuza picha mpaka maandishi yakawa ukungu. Nasoma kiasi 2,000,000, riba asilimia 12 kwa mwaka, miaka 3. Halafu chini kabisa kuna mstari wa herufi ndogo, kivuli cha mkono wako kimeufunika wote! Na mimi nautaka huo huo, maana hizo namba tatu peke yake hazisemi riba wanaipigaje.

Kama ni riba ya kawaida, kila mwaka wanapiga asilimia 12 ya ile milioni mbili tu, yaani 240,000, kwa miaka mitatu ni 720,000, unatoka na 2,720,000. Kama ni riba juu ya riba, mwaka wa kwanza unapata 240,000 ile ile, ila haitoki, inaungana na mtaji unakuwa 2,240,000, kwa hiyo mwaka wa pili riba yako ni 268,800. Hiyo 28,800 ya juu ni asilimia 12 ya ile riba ya mwaka jana, basi, haina siri nyingine. Mwaka wa tatu unapata 301,056 na mwisho unakuwa na 2,809,856. Tofauti ni 89,856, we fikiria hiyo ni mifuko mingapi ya simenti.

Ndo maana wakikupigia hesabu ya mwaka mmoja usikubali, mwaka mmoja zote zinafanana. Waulize hivi tu: mwaka wa pili peke yake nitapata riba shilingi ngapi? Wakisema 240,000 ushajua, wakisema 268,800 ushajua. Shemeji aliambiwa atapata asilimia 40 na kitu kwa miaka mitatu, akagawa kwa tatu akaona ni zaidi ya 13 kwa mwaka, kumbe ni hii hii 12 imejirundika. Na zote hizo ni kabla ya kodi ya zuio, asilimia 10 ya riba wanaikata.

Sasa kinachonitia wasiwasi zaidi, ulisema ada ya Prisca itoke humo humo. Ukiwa unachukua riba kila mwaka, hata kama tangazo linasema inaungana na mtaji, kwako itabaki 240,000 tu kila mwaka, maana hakuna kilichobaki cha kuungana.

Kwa hiyo ada umeamuaje? Ule mstari wa chini unasemaje? Ukitaka kutoa kabla ya miaka mitatu wanakata nini? Na mama Rose naye anaweka au kaghairi? Piga picha upya basi, karatasi iweke mezani karibu na dirisha, nitumie leo leo.

Wako, Tumaini