Barua ya malalamiko: Fomu yenu ya madai inasema "Hakuna taarifa" wakati taarifa zipo

Dar es Salaam

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja
Nakala: Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UJUMBE UNAOTOLEWA NA FOMU YA MADAI KWENYE TOVUTI YENU

Naandika kwa niaba ya shangazi yangu, ambaye mimi ndiye niliyemwandikisha kwenye mpango wenu wa bima ya afya wa familia. Naandika pia kama mtu ambaye kazi yake ni kutengeneza na kukagua fomu za mtandaoni. Akaunti ya shangazi imesimamishwa, na maelezo aliyopewa kwa simu ni kwamba alituma dai moja mara mbili. Ni kweli alituma mara mbili. Alifanya hivyo kwa sababu tovuti yenu ilimwambia dai la kwanza halipo.

Shangazi alitibiwa katika hospitali isiyokuwa kwenye orodha yenu, akalipa mwenyewe, kisha akajaza fomu ya kurejeshewa fedha kwa simu yake. Alipiga picha risiti, akaziambatisha, akabonyeza "Tuma" na kuoneshwa kwamba dai limepokelewa. Baadaye alifungua ukurasa wa "Madai Yangu" ili ajue limefikia wapi. Akakuta mchoro wa kasha tupu na chini yake maneno mawili: "Hakuna taarifa". Mtu aliyetoa fedha yake mfukoni akiona maneno hayo anaelewa jambo moja tu, kwamba dai limepotea. Akajaza upya. Safari hii skrini ikamjibu "Error 409: Duplicate claim", kwa Kiingereza, ndani ya fomu ambayo sehemu yake nyingine yote ni ya Kiswahili. Akadhani simu imeharibika.

Nilifungua akaunti yake kwenye kompyuta, yeye akiwa pembeni, nikawasha zana za kivinjari zinazoonesha mawasiliano kati ya ukurasa na seva. Ombi la kuleta orodha ya madai lilisubiri kwa muda mrefu, kisha likarudi na namba 504. Maana yake seva ya mbele ilichoka kungoja jibu kutoka seva ya nyuma. Orodha haikuwa tupu, ila haikufika. Hata hivyo ukurasa ulichora lile lile kasha na kuandika "Hakuna taarifa". Sababu inaonekana kwenye msimbo wenu, ambao kivinjari chochote kinaupakua. Kwa ufupi unafanya hivi:

```js
try {
  claims = await getClaims();
} catch (e) {
  claims = [];
}
```

Yaani kila hitilafu, iwe ni seva kuchelewa, bando kuisha au muda wa kuingia kwenye akaunti kupita, inageuzwa kuwa orodha isiyo na kitu. Kisha sehemu inayochora ukurasa inahesabu madai, inapata sifuri, na kumtangazia mwanachama jambo lisilo kweli. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyaona, na ndilo lililomfikisha shangazi alipo. Mfumo usipojua jibu, lazima useme kwamba haujui.

Kuna njia nyingine inayofikisha mwanachama kwenye kasha hilo hilo. Ukurasa wenu unapofunguka huchuja madai kwa "Mwezi huu" bila mtu kuomba. Aliyetuma dai tarehe 30, akifungua tarehe 1 ya mwezi unaofuata, ataambiwa hakuna taarifa. Menyu ya kubadilisha mwezi ipo, lakini imefichwa nyuma ya alama ndogo pembeni, na hakuna sentensi inayosema kwamba kinachooneshwa ni sehemu tu ya madai yake.

Kwa hiyo ukurasa mmoja mtupu unabeba hali tatu zisizofanana, na kila moja inamtaka mwanachama afanye jambo tofauti. Asiyewahi kutuma dai anahitaji kuelezwa ukurasa ni wa nini na aanzie wapi: "Bado hujatuma dai lolote. Ukishalituma, utaliona hapa pamoja na hatua lililofikia", na kitufe cha kuanza dai kiwe chini ya maneno hayo. Ambaye madai yake yamefichwa na mchujo anahitaji kujua hivyo: "Hakuna dai la mwezi huu. Tazama madai ya miezi yote". Na ambaye orodha yake haikufika anahitaji kutulizwa kwa ukweli: "Tumeshindwa kuleta orodha ya madai yako kwa sasa. Madai uliyokwisha kutuma yako salama, usiyatume tena. Jaribu kufungua tena." Sentensi ile ya "usiyatume tena" peke yake ingemwokoa shangazi.

Hali hizi zisifanane hata kwa macho. Kasha tupu lenye kitufe linafaa kwa mwanachama mpya. Kwa hitilafu liondoeni kabisa, kwa sababu picha inasomwa kabla ya maneno, na picha ya kasha tupu inasema "hakuna" hata mkibadilisha maandishi yaliyo chini yake. Hayo maandishi nayo yameandikwa kwa kijivu hafifu, #AAAAAA, juu ya nyeupe. Uwiano wake wa rangi ni kama 2.3 kwa 1, wakati WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Shangazi alisoma akiwa nje, jua likiwa kali, na sentensi pekee iliyokuwa na maana kwenye skrini ndiyo iliyokuwa hafifu kuliko zote.

Nikaanza kukagua fomu yenyewe, na hapo kisanduku cha namba ya NIDA kilinisikitisha zaidi. Kwenye kitambulisho cha taifa namba hiyo imechapishwa ikiwa na vistari, kwa mpangilio huu: 19900101-00000-00000-00. Tarakimu ni 20, lakini ukihesabu na vistari vitatu unapata alama 23. Kisanduku chenu kimewekewa kikomo:

```html
<input name="nida" maxlength="20">
```

Mtu akinakili namba yake kutoka kwenye ujumbe wa simu na kuibandika humo, kivinjari kinakata kimya kimya alama tatu za mwisho. Kinachobaki ni 19900101-00000-00000. Angalieni namba hiyo inavyodanganya: imeishia mwisho wa fungu zima, haina kipande kinachoning'inia, na kwa jicho la haraka inaonekana imekamilika. Kumbe ina tarakimu 18. Mwanachama anabonyeza "Tuma", fomu inamjibu: "Taarifa batili! Tafadhali ingiza taarifa sahihi."

Taarifa ipi kati ya zote alizojaza? Hakuambiwa. Maneno hayo yanatokea juu kabisa ya ukurasa ilhali kitufe cha "Tuma" kiko chini kabisa, hivyo kwenye simu mtu haoni chochote kilichobadilika na anaendelea kubonyeza. Akipandisha ukurasa kwa kuchelewa, ujumbe umeshatoweka wenyewe. Kwenye kisanduku chenye tatizo panabaki mstari mwembamba mwekundu bila neno hata moja. Asiyetofautisha nyekundu vizuri hataona tofauti, na anayetumia programu ya kusomewa skrini hatasikia kitu. Mbaya zaidi, ukurasa unapakiwa upya na picha za risiti zote zinaondoka. Kivinjari, kwa sababu za usalama, hakiruhusu ukurasa urudishe faili ambalo mtu alilichagua, kwa hiyo inabidi aambatishe upya kila risiti. Fomu ingekagua kabla ya kupakia upya ukurasa, risiti zingebaki mahali pake.

Sipendi pia namna mnavyomsemesha mwanachama hapo. Alama ya mshangao na neno "batili" vinamfanya aone kama amekamatwa akidanganya, na "tafadhali" iliyobandikwa mwisho haimsaidii kitu. Amebandika namba sahihi kama ilivyo kwenye kitambulisho chake. Aliyeiharibu ni fomu. Basi ondoeni hicho kikomo, fomu ipokee namba ikiwa na vistari au bila vistari, na ivitoe yenyewe kabla ya kuhesabu. Ni mstari mmoja tu wa msimbo:

```js
const nida = field.value.replace(/\D/g, "");
```

Na kama tarakimu hazitoshi kweli, ujumbe uandikwe chini ya kisanduku husika na ubaki hapo hadi kosa lirekebishwe: "Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Uliyoandika ina 18." Uwe na alama kando yake, si rangi peke yake, na uunganishwe na kisanduku kwa `aria-describedby` ili programu ya kusoma skrini iutamke mtu anapofika hapo. Ukaguzi ufanyike anapotoka kwenye kisanduku. Mkianza kumwonesha nyekundu akiwa kwenye tarakimu ya tatu, mtakuwa mnamkatisha mtu ambaye hajamaliza kusema.

Ule ujumbe wa 409 nao una dawa nyepesi, kwa sababu mfumo wenu ulikuwa na habari zote ukaamua kutozitoa. Ulijua dai la kwanza lipo, ulijua lilipokelewa lini. Ungeandika: "Dai lenye risiti hizi tumeshalipokea. Huna haja ya kulituma tena", kisha tarehe na kiungo cha kulifungua. Namba 409 ibaki kwenye kumbukumbu za mafundi wenu, au kwa maandishi madogo ya kumtajia mhudumu wa simu. Kilichotokea badala yake ni kwamba mfumo ulimhesabu mtu aliyechanganyikiwa kuwa mtu anayejaribu kulipwa mara mbili.

Naomba mambo haya yafanyike. Kwanza, akaunti ya shangazi ifunguliwe na dai lake la kwanza lishughulikiwe kuanzia tarehe lilipopokelewa, si tarehe mtakayosoma barua hii. Pili, alama ya udanganyifu iliyowekwa kwenye faili lake iondolewe kwa maandishi, kwa sababu isipoondolewa itamfuata kila atakapodai. Tatu, mpitie akaunti nyingine zilizosimamishwa kwa sababu ya madai yaliyojirudia, mzilinganishe na kumbukumbu za seva, mtazame ni nani mwingine aliyepata 504 kwenye "Madai Yangu" kabla ya kutuma mara ya pili. Kumbukumbu hizo mnazo ninyi, sisi wanachama hatuna.

Kuhusu fomu, sidai muijenge upya. Tenganisheni hali ya hitilafu na hali ya utupu, na mrekebishe kisanduku cha NIDA. Hayo mawili yakianza, mengine niliyoyataja yanaweza kufuata kwa zamu yake.

Nimeambatisha picha za skrini za kurasa zote nilizozitaja, pamoja na rekodi ya mawasiliano kati ya kivinjari na seva, ambayo nimeondoa taarifa za matibabu. Namba ya uanachama ya shangazi na namba za madai yote mawili zimo kwenye barua pepe iliyobeba barua hii. Natarajia majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipopatikana, nitapeleka lalamiko hili Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, nikiwa na viambatisho hivi hivi.

Wasalaam,

Mwanachama mkuu, mpango wa familia